Oda zimeongezeka, faida imepungua: dau la tangazo na nani anayelipanga

Dada mmoja wa Mikindani hukaanga korosho, huzifunga kwenye maboksi ya kilo 2 na kuzituma Dar es Salaam kwa basi la asubuhi. Wateja wengi huwapata kwa matangazo ya Google. Mtu yuko Tegeta au Mbagala, anaandika “korosho za Mtwara bei”, tangazo linatokea juu ya majibu, anabofya, anasoma ukurasa, anaweka oda. Siku moja akaongeza bajeti ya matangazo mara mbili, kisha baada ya wiki chache akanipigia simu.

“Mdogo wangu, oda zimeongezeka kweli. Nafunga maboksi mpaka usiku. Mbona hela siioni?”

Nilimwomba daftari lake, si takwimu za Google, na hesabu ilitoka pale pale. Boksi analiuza shilingi 56,000. Korosho, kubangua, kukaanga, kufungasha na nauli ya basi vinakula 46,000. Inabaki 10,000, na humo ndimo gharama ya tangazo itoke. Kwa bajeti ya shilingi 20,000 kwa siku, yaani 140,000 kwa wiki, alikuwa akipata oda 35. Kila oda ilimgharimu 4,000 ya tangazo, faida ya wiki ikawa 210,000. Alipopandisha bajeti hadi 40,000 kwa siku alitumia 280,000 kwa wiki na kupata oda 47. Google Ads ikamwonyesha gharama ya karibu 6,000 kwa oda, namba ambayo haimtishi mtu anayebakiwa na 10,000.

Lakini toa ya kwanza kwenye ya pili. Oda 12 za nyongeza zimenunuliwa kwa shilingi 140,000 za nyongeza, yaani zaidi ya 11,600 kila moja. Kila boksi kati ya yale 12 lilimpa 10,000 na kumla 11,600. Faida ya wiki ikashuka hadi 190,000, na usingizi akaupoteza juu yake. Wastani ulikuwa umezificha oda ghali nyuma ya oda rahisi.

Kampeni yake ilikuwa kwenye mpangilio uitwao `Maximize conversions`. Haukuwa umeharibika, ulikuwa umefanya kile kile ulichoagizwa. Ili kuona kwa nini, inabidi tuanzie mnadani.

Watu wa Kusini hawahitaji kufundishwa mnada. Kila msimu wa korosho tunasubiri kusikia wanunuzi wameandika bei gani na kilo ngapi, zamani kwenye sanduku la zabuni na sasa kwenye mfumo wa TMX. Google nayo ina mnada, ila wake unafanyika upya kila mtu anapotafuta kitu, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kinachogombewa ni nafasi ya kuonekana na mtu huyo mmoja. Kuna tofauti mbili na mnada wetu. Ya kwanza, dau kubwa peke yake halishindi, kwa sababu ubora wa tangazo na wa ukurasa wako nao unahesabiwa. Ya pili, aliyeshinda kwa kawaida halipi dau lake lote, hulipa kiasi kinachotosha kubaki juu ya anayemfuata au kuvuka kima cha chini cha mnada wenyewe.

Sasa, dau uliweke kiasi gani? Ukiweka mwenyewe, hiyo ndiyo `Manual CPC`: unaandika kwamba kwa maneno haya sitalipa zaidi ya shilingi 200 kwa mbofyo mmoja, basi. Ukiiachia mashine, inapanga dau jipya kwa kila mnada. Inaangalia mtafutaji yuko wapi, anatumia simu au kompyuta, ni saa ngapi, ameandika maneno gani, aliwahi kufika kwenye ukurasa wako au la, kisha inakisia uwezekano wa mtu huyu kuweka oda. Kwa hesabu nyepesi inakuwa hivi:

```
dau = kiwango × uwezekano wa kuweka oda
```

Chukua kiwango cha shilingi 6,000. Anayeonekana na uwezekano wa asilimia 5 atawekewa dau la 300. Anayeonekana na asilimia 1 atawekewa 60, na huenda tangazo lisimfikie kabisa. Hapo ndipo mashine inapoushinda mkono: sisi tunaandika 200 kwa wote wawili.

Jambo linalowachanganya watu ni kudhani kwamba `Maximize conversions` na `Target CPA`, yaani lengo la gharama ya kupata oda moja, ni mashine mbili tofauti. Ni mashine moja. Hata kwenye skrini, kwa kampeni za utafutaji, Google iliziunganisha tangu 2021: unachagua `Maximize conversions`, halafu unaamua kama utajaza kisanduku cha `Target CPA` au utakiacha wazi. Kinachobadilika ni nani anayepanga kile kiwango kwenye fomula yetu.

Ukikiacha wazi, bajeti ndiyo inayopanga. Agizo linakuwa: hizi shilingi 40,000 za leo zitumie zote, niletee oda nyingi kadiri inavyowezekana. Mashine itaanza na oda rahisi, lakini hela ikibaki haiwezi kuirudisha, kwa hiyo itapandisha kiwango mpaka hela iishe. Wateja wa bei nafuu wakiisha itawafuata wa bei ghali. Haijui kwamba boksi la dada linabakiza 10,000, na hakuna mahali ilipoambiwa. Usishangae pia ukiona siku moja imekula 70,000 wakati uliandika 40,000. Google inaruhusiwa kufika mara 2 ya bajeti kwa siku moja, ila kwa mwezi haitakutoza zaidi ya bajeti ya siku mara 30.4.

Ukikijaza, bei ya mteja ndiyo inayopanga. Agizo linakuwa: niletee oda nyingi kadiri uwezavyo, lakini kwa wastani zisizidi shilingi hizi. Ikiwa wateja wa bei hiyo leo ni wachache, hela itabaki. Bajeti inageuka kuwa ukuta wa nyuma tu.

Neno “wastani” hapo lisomwe polepole. Lengo la 5,000 halimaanishi kwamba hakuna oda itakayogharimu zaidi ya 5,000. Zitakuwepo za 2,000 na zitakuwepo za 9,000, ilimradi zikichanganywa zikae karibu na 5,000. Ndiyo maana kuandika 10,000 kwa sababu boksi linabakiza 10,000 ni kosa: wastani ukifika hapo, faida nzima imekwenda Google, na zile oda za mwisho kabisa zimekula zaidi ya faida.

Dada alipoelewa hilo aliruka upande wa pili, kama wengi wanavyofanya. Akaandika 3,000.

Siku tatu za kwanza alifurahi. Wiki ilipoisha alikuwa ametumia 31,000 tu kati ya 280,000, oda 9. Kila oda ilimgharimu karibu 3,400, rahisi kuliko wakati wowote, na faida ya wiki ilikuwa 59,000. Mashine ilikuwa imeshusha madau mpaka tangazo likawa halionekani. Dalili yake inasomeka: matumizi yako mbali chini ya bajeti, na safu ya `Search lost IS (rank)`, inayoonyesha fursa ulizozikosa kwa sababu tangazo lako lilizidiwa kwenye mnada, inapanda. Kama tatizo lingekuwa bajeti ndogo, ingepanda `Search lost IS (budget)`. Ubaya wa kukaa hapo kwa muda ni kwamba oda chache ni funzo chache kwa mashine, makisio yake yanazidi kuwa dhaifu, na tangazo linazidi kufifia.

Kwa hiyo tulianza pale alipokuwa kweli. Wastani wake wa karibuni ulikuwa kama 6,000, tukaandika 5,500, tukasubiri wiki mbili, kisha tukashuka hadi 5,000. Bajeti tuliiacha 40,000 kwa makusudi. Matumizi yalitulia karibu na 205,000 kwa wiki, oda 42, faida 215,000. Ukilinganisha na ile bajeti ya kwanza ya 20,000 kwa siku, oda 7 zimeongezeka kwa shilingi 65,000, yaani kama 9,300 kila moja, bado chini ya 10,000. Kutoka hapo kwenda kwenye zile 47 za mwanzo, oda 5 za mwisho zilikuwa zikimgharimu 15,000 kila moja. Hizo ndizo tulizoziacha.

Utaona faida ya 215,000 haiko mbali na 210,000 aliyokuwa nayo kwa bajeti ndogo bila lengo lolote. Ni kweli, na sioni haya kulisema. Ukishajua bajeti ambayo wateja wa bei nafuu wanaishia, `Maximize conversions` yenye bajeti hiyo itakufikisha karibu pale pale. Tofauti inaonekana soko linapobadilika. Desemba, watu wa Dar wakianza kununua zawadi, wateja wa bei nafuu wanaongezeka. Bajeti ya 20,000 ingemfungia mlango, wakati lengo la 5,000 linaacha matumizi yapande yenyewe mpaka 40,000. Januari, ada za shule zikibana, bajeti ya 20,000 ingeendelea kumalizika kila siku kwa oda zinazozidi kuwa ghali, wakati lengo lingepunguza matumizi lenyewe. Ila hilo linafanya kazi kama bajeti ina nafasi. Ukiandika lengo la 5,000 na bajeti isiyotosha, kampeni itaandikiwa `Limited by budget`, na dawa nafuu ni kushusha lengo kidogo ili hela ile ile inunue oda nyingi zaidi, kabla ya kukimbilia kuongeza bajeti.

Jingine ni subira, na hapa sisi wenyewe ndio wakorofi. Mteja wa dada hubofya Jumatatu, huuliza maswali Jumatano, hulipa Ijumaa mshahara ukiingia. Google huiandika oda hiyo chini ya siku ya mbofyo, yaani Jumatatu. Kwa hiyo ukifungua akaunti Jumatano, siku za karibuni zinaonekana zimekula hela bure. Mtu anashtuka, anashusha lengo, mashine inaanza kujipanga upya, wiki inayofuata anashtuka tena. Linganisha safu ya `Conversions` na ile ya `Conversions (by conv. time)` inayohesabu kwa siku ya malipo, na wiki ambayo wateja wake bado wanafikiria usiihukumu.

Haya yote yanasimama juu ya kitu kimoja: mashine iwe inahesabu oda, si kingine. Miezi ya mwanzo haikuwa hivyo. Ukurasa wa dada ulikuwa na kitufe cha WhatsApp, na kilichohesabiwa ni kubonyezwa kwa kitufe. Nilikaa naye jioni moja barazani tukitazama simu. Ujumbe ulikuwa unaingia kama mvua: “Habari, bei gani?” Anajibu. Kimya. “Mambo, mna za kukaanga?” Anajibu. Kimya. Kati ya watu 60 waliobonyeza wiki ile, 14 ndio waliolipa. Google kwa upande wake ilikuwa inajisifu kwa “oda” 60 na kuwatafuta wenzao wa wale 60, watu wepesi wa kubonyeza. Ukiipa mashine kipimo kibovu itakitimiza kwa bidii yote, na kadiri inavyofanikiwa ndivyo unavyoumia.

Tulichofanya ni hiki. Kila anayetoka kwenye tangazo anafika ukurasani na namba ya mbofyo iitwayo `gclid` kwenye anwani ya ukurasa. Fundi wa tovuti aliipanga ihifadhiwe pamoja na namba fupi ya oda, na namba hiyo fupi ikatangulia ndani ya ujumbe wa WhatsApp: “Naomba korosho, oda namba 412”. Malipo ya simu yakiingia, dada anaweka alama kwenye daftari. Kila Jumamosi tunapakia faili la waliolipa tu:

```
Parameters:TimeZone=Africa/Dar_es_Salaam
Google Click ID,Conversion Name,Conversion Time,Conversion Value,Conversion Currency
[gclid],Mauzo,2025-07-12 16:20:00,56000,TZS
```

Ile `gclid` inakiliwa kama ilivyo, herufi kubwa ibaki kubwa na ndogo ibaki ndogo, la sivyo mstari unakataliwa. Kisha kile kitufe cha WhatsApp tulikitoa kwenye matendo makuu, tukakiacha kionekane tu bila kuongoza madau. Namba zote nilizotaja huko juu, zile 35, 47, 9 na 42, ni za waliolipa.

Dada ana oda zaidi ya 150 kwa mwezi. Mashine ina cha kujifunza. Sasa twende Masasi.

Rafiki yangu ana duka la mashine za kupulizia mikorosho salfa na vipuri vyake. Wateja wake wako Masasi, Newala, Tandahimba na Nachingwea. Msimu wake unaanza Mei na Juni mikorosho ikijiandaa kutoa maua, na kufikia Septemba umeshapoa. Katika mwezi mzuri tangazo humletea wanunuzi 6. Wengi wanapiga simu au wanafika dukani wenyewe na kusema “nimeona kwenye simu”.

Naye aliwekewa `Maximize conversions`, kwa sababu ndiyo Google inayoipendekeza. Ikamla vibaya. Wanunuzi 6 kwa mwezi si funzo, ni bahati. Tuseme mtu 1 kati ya 40 wanaobofya ndiye hununua. Katika mibofyo 100 utategemea wanunuzi 2 au 3, lakini ni jambo la kawaida kabisa kupata 0 au 5 bila chochote kubadilika. Mashine ikiona watatu walionunua wote walitafuta saa 4 usiku, haina njia ya kujua kama hiyo ni tabia ya wakulima wa Newala au ni sadfa. Nami kwa kawaida siigusi mpaka nione oda kama 30 ndani ya siku 30. Si sheria, ni mazoea yanayoniepusha na lawama. Zaidi ya hapo, kampeni yake inazimwa miezi minane. Anapoiwasha Mei, kilichokuwa kimejifunzwa kimepoa, na msimu wenyewe ni mfupi kiasi kwamba mashine ikishazoea, salfa imekwisha.

Hapo mkono una kazi. Tulirudi `Manual CPC` na kutafuta dau kwa fomula ile ile, ila kiwango na uwezekano tukaviweka sisi. Mashine moja ya kupulizia humbakizia shilingi 60,000. Mtu 1 kati ya 40 hununua. Gawanya: mbofyo mmoja una thamani ya 1,500, na hapo hapati wala hakosi. Tukaanza na 500, tukapanda hadi 700 kwa maneno yanayoonyesha mtu anataka kununua. Maneno tuliyafunga kwa mabano, `[mashine ya kupulizia mikorosho]`, ili tangazo lisivutwe na wanafunzi wanaotafuta “magonjwa ya mikorosho”. Eneo tukalibana kwa watu walio ndani ya wilaya zile, chaguo la `Presence`, kwa maana chaguo la awali huwaingiza hata waliopo Mwanza wanaosoma habari za Mtwara. Na tukaongeza dau kwa asilimia 20 asubuhi, duka likiwa wazi na mwenyewe akiweza kupokea simu. Nyongeza kama hiyo ya saa ina nguvu kwenye dau la mkono. Kwenye mashine ungeiandika na isingefuatwa.

Mkono una deni lake. Kila Jumatatu lazima afungue ripoti ya `Search terms` na kuyaondoa maneno ya ovyo, na dau la 700 linamhusu mkulima wa ekari 30 sawasawa na kijana anayeuliza bei tu. Ile njia ya katikati iliyoitwa `Enhanced CPC`, ambapo dau lilikuwa la mkono lakini Google ikilisukuma kidogo, kwa kampeni za utafutaji haipo tena. Iliondolewa Machi 2025, na waliokuwa nayo wakajikuta kwenye mkono mtupu, baadhi bila kujua.

Hata dada wa Mikindani ana kampeni moja ndogo ya mkono, ya jina la biashara yake. Anayeliandika jina hilo tayari anamtafuta yeye, na hakuna mshindani anayeligombea. Mashine ingekisia uwezekano mkubwa wa kununua na kuweka dau kubwa kwa mteja ambaye angekuja hata hivyo. Zaidi ya hapo, oda hizo rahisi zingeshusha wastani na kuipa kampeni kubwa ruhusa ya kununua oda ghali kwingine bila lengo la 5,000 kuvunjika. Tulizitenganisha, tukaandika shilingi 50 kwa mbofyo. Wiki iliyofuata wastani wa kampeni kubwa ulipanda hadi 5,400, akanipigia tena akiwa na wasiwasi. Nikamwambia hakuna kilichoharibika, ila sasa anaiona bei halisi ya mgeni.